Barua ya Shukrani na Saa ya Shilingi 18,000

Jumamosi moja asubuhi binti wa jirani yangu alipiga hodi akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisahihishie barua, kesho kuna mtu anakwenda Tabora." Nimestaafu kufundisha Kiswahili, lakini mtaani kwetu ualimu haustaafiwi. Nikachukua miwani, nikakaa barazani.

Binti huyo yuko mwaka wa kwanza wa stashahada ya uuguzi na ukunga katika chuo cha binafsi. Anayemlipia si shirika wala mgeni kutoka ng'ambo. Ni mzee mmoja wa Tabora, mstaafu wa reli, aliyefanya kazi na marehemu babu yake. Wafadhili wa namna hii ni wengi kuliko tunavyodhani, na siku hizi hukutana na wanafunzi wakiwa wameshavuka sekondari. Shule za serikali za Tanzania ziliacha kutoza ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na cha sita vikafuata katika mwaka wa fedha wa 2022/23. Ada inamngoja mtoto chuoni, na hapo ndipo ndugu, majirani na marafiki wa marehemu babu wanapoitwa.

Barua aliyoniletea ilikuwa hivi. Naiweka yote, kwa ruhusa yake, kwa sababu sijapata kuona barua iliyokusanya makosa ya wengi kwa ukamilifu kiasi hiki:

"YAH: SHUKRANI ZA DHATI.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote napenda kuchukua nafasi hii kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni kuu la barua hii ni kutoa shukrani za dhati kutokana na msaada wa kifedha ambao umetolewa kwangu na wewe mfadhili wangu. Kwa kweli sina cha kukulipa. Bila wewe mimi ningekuwa si chochote kwani natoka katika familia duni. Masomo yanaendelea vizuri na nimefaulu. Changamoto ndogondogo hazikosi, kama vile simu yangu kuvunjika kioo. Mungu akubariki sana, akuongezee pale ulipopunguza, akupe maisha marefu, abariki kazi za mikono yako na uzao wako. Naahidi kusoma kwa bidii zangu zote. Natanguliza shukrani zangu za dhati.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa."

Msomaji, usicheke sana. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa rika lake "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Ni sentensi ya barua ya kuomba kazi au ruhusa, na kazi yake ni kumwelekeza karani kwenye faili. Mtoto akitakiwa kuandika kitu cha maana anashika umbo la maana alilofundishwa, na sisi shuleni tulimfundisha vizuri barua ya kiofisi. Ile ya kindugu tuliimaliza kwa kipindi kimoja. Sehemu ya pili, "hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu", hakufundishwa na mtu. Hiyo imerithiwa. Babu zetu waliitumia enzi ambazo barua ilisafiri wiki tatu, na kwao ilikuwa na uzito: mwandishi hakujua kweli kama msomaji bado yu hai. Leo mzee wa Tabora ana simu, na alizungumza na binti huyu siku nane zilizopita.

Nilianza kusahihisha kama nilivyozoea, kwa kalamu nyekundu. Nikafuta YAH. Nikafuta kichwa cha habari. Nikabadilisha "msaada wa kifedha ambao umetolewa kwangu na wewe" kuwa "fadhila zako zisizo na kifani". Nikaongeza taa inayomulika njia ya giza. Nilipomaliza nikampa aisome kwa sauti, nami nikajiegemeza nisikie uzuri wa kazi yangu. Alifika kwenye "zisizo na kifani" akakwama.

"Kifani ni nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Sijui, Mwalimu. Lakini limekaa vizuri."

Nikaichana ile karatasi. Mzee aliyeishi na treni maisha yake yote angeisoma mistari miwili tu akajua ni mkono wa mwalimu fulani mstaafu, na shukrani ya kuandikiwa na mtu mwingine ni kama salamu ya kutumwa: imefika, lakini aliyetuma hayupo. Tangu siku hiyo ninatumia kipimo kimoja. Neno lolote ambalo mwandishi hawezi kulieleza akiulizwa ghafla, linatoka, hata kama ni langu na ninalipenda.

Tukaanza upya, safari hii bila kalamu. Neno "asante" lina asili ya Kiarabu, ahsanta, maana yake "umefanya vizuri". Siku nyingine ningelipita tu, lakini asubuhi ile lilinipa swali la kumuuliza: mzee amefanya vizuri, sawa, lakini amefanya nini? Rasimu yake haikuwa na jibu. Ilisema "msaada wa kifedha". Hata kiasi hakikutajwa. Mzee angeweza kuisoma barua nzima asijue kama fedha ilifika, ilifika yote, au iliishia njiani.

"Alituma shilingi ngapi?"

"Laki saba."

"Zilikufikia lini?"

"Machi 4, Mwalimu. Nilikuwa nimekaa kitandani bwenini, ujumbe ukaingia."

"Ukafanya nini kwanza?"

Akanyamaza kidogo. "Kwanza nilitoka nje, nikaenda nyuma ya bweni. Kisha kesho yake nikaenda benki na namba ya malipo."

Hakusema alikwenda kufanya nini nyuma ya bweni, nami sikumuuliza. Hilo halikuingia kwenye barua. Lakini hesabu iliingia, na tuliifanya pale pale kwenye kisogo cha bahasha: ada ya muhula 520,000, mitihani 80,000, sare mbili kwa fundi 60,000. Jumla 660,000. Zikabaki 40,000, ambazo mzee alisema wazi ni za viatu.

"Viatu vilikuwa elfu arobaini?"

Akatazama chini. Viatu alinunua vya mtumba, kwa 22,000. Ile 18,000 iliyobaki alinunua saa ya mkono bila kumwambia mzee, na ndiyo maana rasimu yake haikutaja hesabu yoyote. Aliogopa kwamba akianza kuhesabu, saa itajitokeza.

Nikamwambia anionyeshe mkono. Ilikuwa saa ya kawaida, mkanda mweusi wa plastiki, uso mweupe, na mshale mwembamba mwekundu wa sekunde. "Bila mshale wa sekunde huwezi kufanya kazi wodini," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie sauti yake ikawa ya mtu anayejua anachosema. Akanieleza kwamba mapigo ya moyo na pumzi huhesabiwa kwa saa, kwamba pumzi za mtoto mdogo huhesabiwa dakika nzima akiwa ametulia, siyo nusu dakika kisha ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto hapumui kwa mpangilio ulio sawa. Simu hawaruhusiwi kuitoa mbele ya mgonjwa. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili anayevuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika anahesabiwa kuwa anapumua haraka. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano mpaka unashuka hadi 40. Kisha akanisimulia juu ya mtoto mmoja aliyeletwa wiki yake ya pili ya mazoezi, na nilipomsikiliza nikajua barua tumeipata.

Mwandishi wa barua ya shukrani mara nyingi anacho anachohitaji, ila amekificha akidhani hakifai. Huyu aliificha saa kwa sababu ilikuwa kosa. Wengine huficha jambo kwa sababu ni dogo. Wanadhani mfadhili anataka kusikia mambo makubwa, ndiyo maana wanaandika "naahidi kusoma kwa bidii zangu zote", ahadi ambayo hata mwanafunzi aliyefukuzwa chuo aliwahi kuitoa.

Kulikuwa na siri ya pili. Rasimu ilisema "nimefaulu". Nilipouliza kwa kiasi gani, ikabainika kwamba amefaulu masomo yote isipokuwa moja, anatomia na fiziolojia, ambalo amepata sapu na atalirudia Septemba. Kwa wasiojua lugha ya vyuo, sapu ni mtihani wa marudio: hukufeli mwaka, lakini una deni.

"Mwalimu, nikimwandikia hilo si ataacha kunilipia?"

Sikuwa na uhakika wa kumpa. Kuna wafadhili wanaoacha. Nilimwambia nilichokiamini: kwamba sapu ina siku yake ya kujulikana, na swali ni kama mzee ataisikia kutoka kwake au kwa mtu wa pembeni. Na kwamba anayeandika "nimefaulu" kwa herufi tisa tu, bila jina la somo hata moja, anasomeka. Mfadhili aliyewahi kulea watoto anaujua ufupi wa namna hiyo. Akafikiri, akakubali kuandika, kwa sharti kwamba aeleze pia alichokosea na anachokifanya sasa. Nikaona sharti lake ni zuri kuliko ushauri wangu.

Yapo tuliyoyafuta bila mjadala. Kioo cha simu kilitoka. Hakikuwa uongo, kilivunjika kweli, lakini ombi likivaa kanzu ya shukrani linaichafua kanzu yote: msomaji atarudi juu kuisoma barua upya na kila neno tamu litaonekana ni la kutengeneza njia. Akitaka kioo aombe kioo, kwa barua yake au kwa simu, waziwazi. Kwa sababu hiyohiyo tulifuta "natanguliza shukrani". Watu wengi wanadhani maneno hayo ni kufunga tu kwa heshima. Kutanguliza ni kupeleka mbele. Unatanguliza shukrani kwa jambo ambalo bado hujatendewa, na ndiyo maana hukaa mwishoni mwa barua za maombi. Mzee akilisoma chini ya barua ya shukrani atageuza karatasi kutafuta ombi liko wapi.

"Familia duni" na "ningekuwa si chochote" pia vilitoka, hapa kukiwa na ubishi kidogo, maana alidhani huo ndio unyenyekevu. Lakini mzee alimjua babu yake. Walikula pamoja stesheni. Kumwambia kwamba familia ile ni duni ni kumtukania rafiki yake kaburini. Na kwa mfadhili yeyote, hata asiyeijua familia, mtu anayejigaragaza mbele yake humpa kazi ngumu ya kumwinua, wakati alitaka kusoma habari tu. "Sina cha kukulipa" nayo ina shida yake: mzee hakudai. Ukilitaja deni ambalo hakuna aliyelidai, unakuwa umemgeuza mdai.

Dua nilimwambia achague moja. Alikuwa nazo tano, zimepangwa kama mashada kwenye gari la harusi, na nyingine zimeazimwa kutoka kwenye shukrani za misibani. Akachagua "Mungu akulinde", kwa sababu, alisema, ndiyo bibi yake humwambia kila anapoondoka nyumbani.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye sentensi moja, maana hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapofanya kazi: "msaada wa kifedha ambao umetolewa kwangu na wewe". Angalia watu wawili walivyo mbali humo. Aliyetoa amewekwa mwisho kabisa, baada ya "na", kama aliyekuja harusini kwa kuchelewa. Aliyepewa ni "kwangu", anwani ya kupokelea mzigo. Aliyekaa mbele ni msaada. Hiyo ni sauti ya taarifa za serikali, ambamo misaada hutolewa na hakuna mtu anayetoa. Lakini lugha yetu ina kitenzi kinachoweza kuwakalisha watu hao wawili katika neno moja: u-me-ni-lip-i-a. Wewe uko mwanzoni, mimi niko katikati, na ile "i" ndogo inayofuata mzizi inasema kwamba tendo lilifanywa kwa ajili yangu. Hakuna haja ya "kwa ajili yangu" wala "wewe mfadhili wangu". Ukisema "umenilipia" umekwisha kumtaja, umejitaja, na umesema kwa nini. Vivyo hivyo umeninunulia, umenishonea, umenitumia. Joto la sentensi limo ndani ya kitenzi, na mtu akiongeza vivumishi juu yake anakuwa kama anayevaa koti Tanga mwezi wa pili.

Kuna na suala la "-me-" na "-li-". "Ulinilipia ada" ni sahihi, lakini inaliacha jambo kule lilikotokea, limekwisha. "Umenilipia" inalileta hadi leo: umelipa, nami bado nimesimama juu ya malipo yako. Kwa hiyo tuliitumia "-li-" kusimulia, ada ilipolipwa, mtoto alipoletwa, na "-me-" tukaiweka akiba hadi mwisho, kwenye shukrani yenyewe. Binti alilielewa hilo haraka kuliko madarasa yangu mengi.

Jambo la mwisho lilikuwa jinsi ya kumwita. "Mfadhili wangu" ni cheo. Mtu hapendi kuitwa kwa cheo na mtu anayemla chumvi. Yeye kwa mdomo humwita Baba, basi aandike Baba. Na aanze na shikamoo, hata kama karatasi haiwezi kuitikia marahaba.

Barua iliyotoka mchana ule ni hii:

"Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na umeanza tena kutembea hadi sokoni. Bibi anakusalimu.

Zile shilingi 700,000 ulizonitumia zilinifikia Machi 4. Kesho yake nilikwenda benki nikalipa ada ya muhula 520,000 na ya mitihani 80,000. Nakala za stakabadhi nimeziweka humu. Fundi alinishonea sare mbili kwa 60,000. Zikabaki 40,000. Ulisema ni za viatu, nami nilinunua, lakini vya mtumba, kwa 22,000. Kwa 18,000 iliyobaki nilinunua saa ya mkono yenye mshale wa sekunde. Sikukuuliza kwanza. Naomba unisamehe.

Nataka nikusimulie kuhusu hiyo saa. Wiki yangu ya pili wodini aliletwa mtoto mdogo anayekohoa. Sista wa zamu akaniambia nihesabu pumzi zake. Unamfungua kifua, unasubiri atulie, unahesabu dakika nzima. Nilipata 58. Niliogopa nimekosea, nikarudia, nikapata 57. Nikamwambia sista. Alihesabu mwenyewe, akamwita daktari. Mtoto alilazwa siku nne, akatoka akiwa ananyonya vizuri. Sikumtibu mimi, nilihesabu tu. Lakini nilihesabu kwa saa yako, na jioni ile nikasema lazima nikuandikie.

Mitihani nimefaulu yote isipokuwa anatomia na fiziolojia. Nina sapu, nitairudia Septemba. Kosa langu lilikuwa kukariri majina bila kuelewa kazi za viungo. Sasa tunasoma watatu kila jioni, kila mtu anamfundisha mwenzake sura moja.

Umewahi kunisimulia kwamba treni ya Kigoma haiondoki mpaka gadi aangalie saa yake. Nilicheka wakati ule. Sasa nimeelewa.

Asante, Baba. Umenilipia, umenivisha, na saa pia umeninunulia bila kujua. Mungu akulinde. Matokeo ya Septemba nitakuandikia, yawe yoyote.

Ni mimi mwanao."

Sista na mtoto hawana majina. Mara ya kwanza aliponisimulia, binti alitaja kijiji cha mama wa mtoto, na nilipomwambia tuandike hivyo ili habari ipate uhai, yeye ndiye aliyekataa. Habari za mgonjwa haziandikwi zikamtambulisha, akasema, hata kwa mtu wa Tabora asiyemjua. Tuliondoa kijiji, umri kamili na siku. Habari haikupungua.

Mwenye jicho ataona kwamba barua hii ni ndefu kuliko ya kwanza, karibu mara mbili, ingawa tulifuta nusu ya maneno ya kwanza. Ataona pia kwamba neno "asante" limo mara moja tu, na "shukrani" halimo kabisa.

Nimeulizwa kama barua ya namna hii ingefaa kwa mfadhili wa nje, anayepitia shirika. Mambo mawili hubadilika. Mashirika ya kufadhili watoto yana masharti, na kwa kawaida hayaruhusu namba za simu, anwani wala maombi ya fedha ndani ya barua. Mfanyakazi huisoma kabla haijasafiri. Na barua hutafsiriwa. Mfasiri akiipeleka "hofu ni kwako" neno kwa neno, msomaji wa ng'ambo ataamini kuna balaa linamjia. Methali hufia njiani mara nyingi. Pumzi 58, saa ya mkono na viatu vya mtumba huvuka salama.

Na mfadhili wa mbali ndiye anayekaa gizani zaidi. Kuna kisa kinachojulikana, kilichotengenezewa filamu mwaka 2010, cha Chris Mburu wa Kenya na Hilde Back, mwalimu wa Uswidi aliyezaliwa Ujerumani katika familia ya Kiyahudi na kukimbilia Uswidi akiwa msichana. Mwalimu huyo hakuwa tajiri. Alikuwa akitoa kama dola 15 kwa muhula kumsomesha mtoto wa kijijini Kenya ambaye hajawahi kumwona. Mtoto huyo alifika Chuo Kikuu cha Nairobi, akafika Harvard, akawa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 alipoanzisha mfuko wa kusomesha watoto wengine na kuupa jina la mfadhili wake, ilibidi kwanza mama huyo atafutwe. Alipatikana yuko hai, Uswidi. Miaka yote hiyo alikuwa hajui dola zake 15 zimekuwa nini.

Wetu wa Tabora alikuwa karibu zaidi. Binti aliinakili barua kwa mkono wake, kalamu ya bluu, karatasi ya mistari. Aliandika "fiziolojia" bila "o" ya kwanza. Nililiona kosa, mkono ukaniwasha, nikauacha utulie. Barua ikaondoka Jumapili na yule msafiri.

Alhamisi mzee alipiga simu. Binti alikuja kunieleza usiku, amesimama mlangoni, hakutaka hata kukaa. Kuhusu sapu, mzee alisema yeye mwenyewe mtihani wake wa ugadi aliurudia. Kuhusu viatu hakusema kitu. Alichotaka kujua ni kingine: ile saa inapoteza dakika ngapi kwa wiki?

Binti hakuwa na jibu. Sasa kila jioni taarifa ya habari inapoanza, anasimama karibu na redio yetu, amekunja mkono, anatazama mshale mwekundu.